Sehemu Ndogo ya Katibu Likwata

Mimi moto siuogopi. Napika juu ya mafiga tangu nina miaka saba, na ukiniambia nishike kaa kwa vidole nitalishika, halafu nitakuuliza unataka nikuwekee wapi. Ninachoogopa ni simu ya mjukuu wangu ikilia ting. Tangu mwaka juzi mlio ule nikiusikia hata kwa jirani, naweka chini nilichoshika.

Naitwa Kidawa binti Yunusu, wa hapa Tingi, Kilwa. Hapa nimezeeka, lakini sikuzaliwa hapa. Nimezaliwa Nang'ondo, huko ndani, mwendo wa saa mbili kwa miguu, ambako leo hakuna mtu, ni mikorosho ya baba yangu tu imegeuka pori. Tuliletwa Tingi mwaka wa sabini na nne, wakati wa vijiji vya ujamaa, kila mtu atoke kwenye shamba lake aje kukaa barabarani pamoja na wenzake. Nilikuwa na miaka ishirini, na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ni Sada, na Sada ndiye aliyemzaa Siti, na Siti ndiye aliyeniletea balaa la barua pepe.

Siti alikuwa mwaka wa mwisho, anasoma mambo ya filamu Dar es Salaam. Mimi nilidhani mtu akisoma filamu kazi yake ni kukaa akitazama. Kumbe la, ili wahitimu lazima kila mmoja atengeneze filamu yake, walimu wake waikague, na isipokamilika hapati cheti. Filamu yake ilikuwa ya dakika kumi na nane. Habari yake ni siku tuliyohamishwa Nang'ondo, jinsi Katibu Kata Likwata alivyokuja na kiberiti akaichoma nyumba ya baba yangu kwa sababu mzee alikataa kutoka. Habari hiyo nilimpa mimi mwenyewe. Tangu yuko mdogo nilikuwa namsimulia tukibangua korosho, naye ananiambia, "Bibi, rudia pale pa kiberiti." Nami narudia.

Basi likizo akaja na mwenzake, Brigita, binti wa Rondo, mwembamba, ulimi kama kisu cha kuchunia. Siti ni mwongozaji. Brigita ni mtayarishaji, maana yake ndiye anayehangaika na vibali, na chakula, na nani alale wapi. Walitandika mkeka hapo barazani, kompyuta katikati, wanamwandikia barua mwigizaji mkubwa aje acheze sehemu ya Katibu Kata.

Mwigizaji mwenyewe ni Chungu. Humjui Chungu? Yule wa kwenye runinga, anayecheza baba mkwe mbaya, tajiri mbaya, mganga mbaya, kila kibaya yeye. Uso mrefu, nyusi zimekutana. Nikimwona nilikuwa namwambia Sada, "Huyu kama Katibu Likwata mtupu." Nasema hivyo miaka kumi sasa, mazoea tu.

Siti akasoma alichoandika. Salamu mistari minne, dua mistari mitatu, kumsifia mistari sita. Brigita akamkatiza.

"Siti, huyu mzee anapata barua kama hizi kila wiki. Mpaka afike kwenye ombi lako ameshazima simu. Halafu neno bure umelificha wapi?"

"Naona haya," Siti akasema. "Mtu mzima yule, nimwambie bure waziwazi?"

"Haya utaziona vizuri akishafika hapa ndio aulize malipo yake yako wapi."

Nikasema, "Mke mwenzangu, mwenzio anasema kweli. Ukimwalika mtu kulima mwambie kabisa kama kuna ubwabwa au hakuna." Siti ni mjukuu wangu, ndiyo maana namwita mke mwenza, babu yake alikuwa anamwita mchumba.

Wakaanza upya. Nikawa nasikiliza, na nikakubali kwamba barua ina ufundi wake. Juu kabisa, pale mtu anapoona kabla hajafungua, waliandika, Ombi: sehemu ndogo katika filamu ya kuhitimu, siku moja, Kilwa. Ndani wakasema wao ni nani, wanasoma nini, mwalimu anayewasimamia ni nani na simu yake. Wakasema sehemu yenyewe ni tukio moja, maneno mawili tu ya kutamka. Wakasema wazi hakuna malipo, ni filamu ya wanafunzi, ila nauli ya kuja na kurudi, chakula na mahali pa kulala watagharamia, na akimaliza atapewa nakala yake. Wakataja tarehe, kwa sababu kamera ya chuo wanapewa siku tano tu. Wakaambatanisha kurasa mbili za tukio lake, si skripti nzima. Wakaomba ajibu kabla ya Jumapili ijayo, na kama hataweza wataelewa, hawatakasirika. Anwani waliipata kwenye ukurasa wake mwenyewe, ile anayotaka watu wamwandikie habari za kazi.

"Bado hapa," Brigita akasema. "Kwa nini yeye na si mwingine. Usimwandikie tunapenda kazi zako, kila mtu anamwandikia hivyo. Andika kitu cha kweli."

Wote wawili wakawa wanatafuta kitu cha kweli. Na mimi kwa kiherehere changu nikasema, "Mwandikie hivi. Bibi yangu kila akikuona anasema umefanana na Katibu Likwata, aliyetuchomea nyumba Nang'ondo mwaka wa sabini na nne."

Brigita akapiga makofi. Siti akaandika neno kwa neno, jina la Likwata na yote, akabonyeza, barua ikaenda. Ulimi wangu huu siku moja nitaukata niwape kuku.

Kwa sababu, nisikilize sasa, na usinikatize. Kitu cha kweli hakikuwemo katika maneno yale. Katibu Likwata hakuichoma nyumba ya baba yangu. Niliichoma mimi.

Nilikuwa sijapata kumwambia mtu. Mume wangu amekufa hajui. Sada hajui. Na hofu yangu si ya watu tu. Tulipofika Tingi baba yangu, Mzee Yunusu, aliwakusanya walimu akawasomesha halbadiri, wamsomee aliyeichoma nyumba yake. Kama hujui halbadiri, omba usijue. Ni kisomo cha kumshitakia Mungu mtu asiyejulikana, au anayekana, kwa majina ya mashahidi wa Badri, na hakimkuti mwingine ila aliyetenda. Ubani ulifuka mchana kutwa. Mimi ndiye niliyewapikia wale walimu uji. Nakoroga, nawasikia wanataja majina mmoja mmoja, najua kila jina linanijia mimi. Nikahesabu siku arobaini nife. Sikufa. Miezi michache baadaye Katibu Likwata akafukuzwa kazi, mguu ukamvimba, watu wakasema, mnaona, kimemkuta. Nami nikaitikia, kimemkuta. Lakini mimi najua kisomo kile hakijapata mtu wake bado. Mimba zangu mbili zilizoharibika, nilijua ndicho. Mume wangu alipoanguka kutoka juu ya mnazi, nilijua ndicho. Hata leo nikiumwa kichwa tu nafungua sanduku nikaitazame sanda yangu kama ipo.

Siku ya tatu simu ikalia ting.

Siti alikuwa anaosha vyombo. Akakausha mkono kwenye khanga, akafungua, akapiga kelele za furaha. "Chungu amejibu. Anakuja, Bibi." Halafu akaendelea kusoma kimoyomoyo, na nikaona furaha inamtoka usoni polepole.

"Soma kwa sauti," Brigita akamwambia.

Akasoma. Naikumbuka yote, nilimwomba anisomee mara nne.

"Binti Siti, nimepata barua yako. Umeandika vizuri, wengi huniita bure wakasahau kuniambia ni bure. Sehemu ndogo sizidharau. Nitakuja tarehe uliyotaja na nauli nitajilipia. Nina sharti moja. Chungu ni jina la kazi, jina langu ni Ismaili Likwata. Huyo Katibu ni baba yangu mzazi. Alifariki Lindi mwaka wa themanini na moja, na mpaka anakata roho alisema hakuwasha kile kiberiti. Tukimuuliza basi ni nani, anageukia ukutani. Nimekua nikiitwa mtoto wa mchoma nyumba, mtoto wa aliyesomewa. Umesema bibi yako yu hai na alikuwepo. Naomba anieleze alichokiona kwa macho yake, kabla sijavaa hizo nguo. Akiniambia ni baba, nitamcheza baba kama alivyokuwa. Wako, I. Likwata."

Nilikaa chini kwenye kizingiti, nikasingizia joto.

"Sharti dogo sana," Siti akasema, furaha imemrudia. "Bibi, si utamweleza tu ulichokiona?"

"Nilichokiona," nikasema.

Yeye akadhani nimekubali. Akamjibu palepale, ahsante, karibu, bibi yuko tayari.

Wiki mbili zile sikula nikashiba. Nikasema naumwa, Sada akataka kunipeleka zahanati. Nikasema nakwenda kwa ndugu zangu Kipatimu, Siti akaanza kulia. Akaniambia, "Bibi, ukiondoka yule mzee havai nguo, asipovaa sina Katibu. Kamera inarudi chuoni siku ya tano. Sina mwaka mwingine, mama hana uwezo wa kunilipia mwaka mwingine." Nikamtazama. Nikifungua mdomo nikasema kweli, filamu yake imekufa, maana imejengwa juu ya uongo wangu kuanzia ukurasa wa kwanza. Nikinyamaza, yule mtu anakuja kusimama mbele ya watu kumchafua baba yake mwenyewe kwa mikono yake, tena bure. Sikujua lipi linitishe zaidi.

Wakajenga kijumba cha miti na udongo nyuma ya shamba letu, wakakiezeka nyasi. Kimoja tu. Brigita alikuwa ameomba ruhusa kwa mwenyekiti wa kijiji, mapipa mawili ya maji yamejazwa, mchanga umelundikwa, vijana sita na ndoo, na nyasi za karibu zimefyekwa. Siti akaniambia, "Kikiwaka kimewaka, Bibi. Tunapiga mara moja tu, hakuna kurudia." Kila nikipita pale naona mlango. Walikuwa wameujenga kama nilivyowasimulia, na nilikuwa nimewasimulia vizuri mno.

Chungu alikuja asubuhi, kwa basi, na begi dogo. Barabarani watoto wakamzomea kwa mapenzi kama wanavyomzomea kwenye runinga, naye akawakunjia nyusi, wakakimbia wanacheka. Alipofika barazani kwangu akavua kofia na akawa mtu mwingine. Sura ni ileile. Nilihisi ni mwaka wa sabini na nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikasema, nikamsogezea kiti.

Akakaa kwenye mkeka, hakutaka kiti. Siti na Brigita wakaondoka kwa heshima, nilitamani wasiondoke. Hakuzunguka. Akasema, "Mama, mimi nilikuwa na miaka tisa. Siku ile baba alirudi nyumbani hakula. Sikuja kugombana. Nataka kujua tu. Ulimwona?"

Mungu anisamehe. Nilikuwa na nafasi, tuko wawili tu, barazani kwangu, mchana mweupe. Nikasema, "Nilimwona."

"Kwa macho yako."

"Kwa macho yangu."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakulia, hakukasirika. Alisema, "Ahsante, mama. Sasa najua," akainuka akamuuliza Brigita nguo ziko wapi. Kilichonitisha ni kwamba aliniamini. Baba yake alimwambia kweli mpaka anakata roho, naye akamwacha baba yake akanichukua mimi, kwa sababu mimi ni mtu mzima na nimesema kwa macho yangu.

Alasiri wakaanza. Mimi nikawekewa kiti pembeni, nyuma ya kamera, mgeni wa heshima. Yuko msichana mmoja wa chuoni kwao aliyecheza mimi, amebeba mtoto wa mwanasesere mgongoni. Yuko mzee wa hapa kijijini aliyecheza baba yangu, amekaa mlangoni amekumbatia msahafu. Chungu alitoka amevaa suruali ya kaki na shati jeupe, kalamu mfukoni, akiikokota baiskeli.

Siti akamweleza. "Mzee wangu, unafika, unaweka baiskeli, unasema Toka. Mzee hatoki. Unasema Basi. Unawasha. Vijana watamwondoa mzee kabla moto haujashika, sisi hatutamwonesha. Ni hayo tu."

"Ni hayo tu," akasema Chungu.

Siti akapaza sauti, "Anza."

Akaja na baiskeli. Akaiegemeza kwenye mti. Akasema, "Toka," kwa sauti ndogo kabisa, na sauti ndogo ile ilitisha kuliko kelele. Mzee hakutoka. Akasema, "Basi." Akatoa kiberiti mfukoni, akatoa njiti moja, akaishika. Mkono ukaanza kutetemeka. Nikamsikia Brigita ananong'ona, "Anajua kazi, huyu." Lakini mimi nilikuwa nimekaa pembeni nauona ule uso, na haikuwa kazi. Mtu yule alikuwa anamzika baba yake mara ya pili, na safari hii bila kumwosha.

Akapiga njiti. Haikuwaka. Akapiga tena.

Sikumbuki niliinukaje. Nakumbuka kiti kimeanguka na Siti anasema, "Bibi, kamera inaendelea, Bibi." Nilifika nikamshika mkono, nikamnyang'anya kiberiti.

"Si hivyo," nikasema. "Kwanza nilitoa mtungi."

Hakuna aliyeelewa. Chungu ananitazama.

"Nilitoa mtungi," nikasema, "nikatoa mkeka, nikatoa msahafu wa baba nikautundika kwenye mkorosho. Baba hakuwepo mlangoni. Alikuwa amekwenda kwenye kaburi la babu kuomba dua. Nikachukua mafuta ya taa kwenye kibatari, nikamwagia hapa, kwenye kona, upepo unakotokea. Sada yuko mgongoni amelala. Nikawasha mimi. Baba yako hakuwepo, Ismaili. Jana yake alikuja akatuongezea siku mbili kwa siri, akasema, mzee hawezi kubebwa kama gunia. Wakaja mgambo baada yake wakasema neno la Katibu si kitu, kesho tunakuja na fimbo. Kwa jirani yetu walikuwa wameshampiga mzee wake mpaka akatapika damu. Mimi nikaona baba yangu ataketi mlangoni mpaka wamuue. Nikasema, pasipokuwa na mlango hataketi. Niliogopa. Niliogopa tu, basi."

Yule mzee aliyecheza baba yangu akaanza kusoma astaghfirullah. Nikamwambia anyamaze, sijamaliza.

"Baba yako aliona moshi akaja mbio na baiskeli. Na baba yangu naye akatokea makaburini. Baba yangu akapiga kelele, Likwata, umenichomea. Baba yako akamtazama, halafu akanitazama mimi. Akanitazama mikono. Ilikuwa na masizi mpaka hapa. Alijua. Nikamwona anajua. Angesema neno moja, baba yangu angenikatia radhi palepale. Hakusema. Alisema, Pakieni vyombo, mzee, lori linakuja. Walipokuja watu wa wilayani kuuliza nani aliwasha, mimi ndiye niliyesimama nikasema Katibu. Akafukuzwa kwa mdomo wangu. Akasomewa yeye, na mimi nikapika uji."

Siti alikuwa amekaa chini amejishika kichwa. Mimi nilikuwa nimekwisha jiandaa. Nilitegemea anipige, au anitemee mate, au nianguke pale pale, kisomo kimefika. Jua linawaka, nyasi zinanuka.

Ismaili akasema, "Ndiyo maana aligeukia ukutani."

Akakaa chini, pale vumbini, na suruali ya watu ya kaki. Brigita akamsogelea polepole akamwambia, "Mzee wangu, tutaahirisha. Tutakupeleka upumzike."

Akauliza, "Kamera inarudi lini?"

"Keshokutwa."

"Mliniandikia siku moja. Siku haijaisha." Akamgeukia Siti. "Binti, inuka. Nyumba yako bado haijaungua. Utaipiga kama ilivyokuwa, au utaipiga kama ulivyoandika?"

Siti akaniangalia. Sijapata kuangaliwa hivyo na mjukuu wangu, na sitaki tena. Akafuta uso kwa mkono, akasema, "Kama ilivyokuwa." Kisha akamwambia, "Ila sehemu yako sasa itakuwa ndogo zaidi, mzee wangu. Unafika moto umeshawaka. Huna Toka, huna Basi. Una ile ya vyombo tu."

"Hata hiyo itoe," akasema. "Nimtazame mikono tu. Inatosha."

Wakamwondoa mzee mlangoni. Wakampaka yule msichana masizi. Nikamwonesha pa kumwaga mafuta, na jinsi ya kuinama na mtoto mgongoni asiamke. Nikampa kiberiti. Nilikuwa namfundisha mtoto wa watu dhambi yangu mbele ya kijiji kizima, na wanawake niliosuka nao mikeka miaka hamsini wanatazama.

Kabla hawajaanza, Ismaili akaja kwangu. Akasema, "Mama, nataka kujaribu kwanza. Nipe mikono."

Nikampa. Akaishika, akaigeuza viganja juu, akaitazama. Hakunitazama usoni kabisa. Alitazama kila kidole, na makovu ya mafuta ya korosho, na kucha zilizobadilika rangi. Sikujua anatafuta nini. Nilisubiri aseme amenisamehe, au aseme hajanisamehe, nikawa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili. Hakusema. Akairudisha mapajani mwangu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayerudisha vyombo vya kuazima, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Siti akasema, "Anza," na nyumba ikawaka.

Filamu ilipita. Siti amepata cheti chake, sasa ana kazi. Mwisho wa filamu, majina yanapopanda, limeandikwa Katibu Kata, Ismaili Likwata, bila Chungu, aliomba mwenyewe kwa barua pepe. Walimpelekea nakala yake kama walivyoahidi. Siku anaondoka Tingi aliaga kila mtu mmoja mmoja, mpaka watoto. Kwangu alisimama, akavua kofia, akanitazama, akaondoka. Shikamoo hakunipa. Nami sikuidai.

Halbadiri haijanikuta bado. Kila simu ya Siti ikilia ting, nauliza ni nani aliyeandika.